Tairi Likipata Moto, Usitoe Upepo: Mwongozo wa Kupima na Kujaza

Gari limetoka Nyegezi saa kumi na mbili asubuhi, tairi zote nne zina psi 33 kama kibandiko cha mlangoni kinavyotaka. Limepita Igoma, Kisesa, Magu, jua limeshakaa juu, na dereva anasimama Lamadi kununua maji. Kwa fundi pancha aliye pembeni anaomba geji apime tu. Geji inasoma 38.

"Kaka, hizi zimejaa kupita kiasi," fundi anamwambia. "Na jua hili, zitakupasukia kabla ya Bunda. Tutoe kidogo?"

Dereva anakubali. Upepo unatolewa, tairi zote zinarudishwa 33, na safari ya Musoma inaendelea kwa amani ya moyo. Fundi hakuwa na nia mbaya, wala hakudai hela. Ila ametoka kuharibu tairi nne zilizokuwa sawa kabisa.

Ushauri huu unatolewa kila siku kwenye barabara zote zinazotoka Mwanza, iwe ya Musoma, ya Shinyanga au ya Geita kupitia daraja la Kigongo–Busisi. Hapa chini ninaeleza kwa nini upepo hupanda safarini, unatakiwa upande kiasi gani, na ufanye nini hatua kwa hatua, pamoja na pale ambapo umeshautoa.

Kwa nini 33 iligeuka 38

Hakuna upepo ulioongezeka ndani ya tairi. Ni uleule wa asubuhi, isipokuwa sasa una joto. Hewa iliyofungiwa mahali pasipotanuka, ikipata joto inasukuma kwa nguvu zaidi.

Joto hilo linatoka wapi? Jua na lami vinachangia, na breki nazo kidogo, lakini sehemu kubwa inatoka kwenye tairi lenyewe. Kila linapozunguka, ile sehemu inayogusa barabara inabonyea na ubavu wake unakunjwa, kisha unanyooka. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa hilo hutokea zaidi ya mara kumi kwa sekunde moja. Kunja na kunjua kipande cha waya haraka haraka halafu ukiguse pale kinapokunjika: ndicho kinachotokea kwenye mpira.

Hesabu yake si ngumu. Geji huanza kuhesabu kutoka sifuri, lakini hewa ya nje nayo ina mgandamizo wake. Usawa wa ziwa letu uko kama mita 1,134 juu ya bahari, na huku hewa ya nje inasukuma kwa karibu psi 13. Kwa hiyo upepo wa tairi letu asubuhi ulikuwa 33 kujumlisha 13, yaani 46. Joto nalo linahesabiwa kwa kuongeza 273 kwenye nyuzi za kawaida: nyuzi 20 za alfajiri zinakuwa 293. Chukulia kwamba Lamadi hewa ndani ya tairi ilifika nyuzi 52, ambayo ni 325. Zidisha 46 kwa 325, gawanya kwa 293, unapata 51. Ondoa ile 13 ya nje, inabaki 38.

Kwa kichwa tu, kwa gari dogo, kumbuka kwamba kila nyuzi 6 za joto ni kama psi 1. Hiyo inatosha kwa matumizi ya barabarani.

Watengenezaji wa magari na tairi wanalijua hili tangu mwanzo. Ile 33 ya kwenye kibandiko ni namba ya tairi baridi, na walipoiandika walikuwa wameshaweka nafasi ya upepo kupanda. Hata maandishi ya ubavuni, mfano `MAX PRESS 44 PSI`, yanahusu tairi baridi. Tairi lililojazwa 33 likifika 38 au 39 safarini liko ndani kabisa ya kazi lililotengenezewa, na tairi zima lisilo na kasoro halipasuki mpaka upepo ufike mara kadhaa ya hapo.

Jambo lingine ambalo watu wengi hawalijui ni kwamba kupanda huku kunajizuia kwenyewe. Upepo ukiongezeka tairi linakuwa gumu zaidi, ubavu unakunjwa kidogo zaidi, na joto jipya linapungua. Baada ya nusu saa hadi dakika 45 za mwendo wa namna moja, joto linaloingia na linalotoka linakuwa sawa, na geji inatulia. Haipandi mpaka jioni kama wengi wanavyoogopa.

Kilichotokea baada ya kutoa

Turudi kwa dereva wetu. Pale Lamadi alitoa karibu sehemu moja ya kumi ya hewa yote iliyokuwemo. Tairi lilibaki na 33, lakini 33 ya moto. Usiku akalala Musoma, tairi zikapoa hadi nyuzi 20. Hesabu ni ileile, ila sasa inarudi nyuma: 46 mara 293, gawanya kwa 325, ni 41 na nusu. Ondoa 13. Asubuhi tairi zake zina psi 28 na nusu, pungufu ya nne na nusu kwa zinavyotakiwa.

Kwa macho hutaona tofauti. Tairi za siku hizi zina ubavu mlaini unaobonyea kidogo hata zikiwa sawa, na kupiga teke hakutakuambia kitu.

Sasa anarudi Mwanza, na safari hii amebeba abiria watano na magunia ya dagaa. Ubavu unakunjwa zaidi kuliko jana, kwa hiyo unatoa joto zaidi. Tuseme hewa ya ndani imefika nyuzi 60 badala ya 52. Akisimama tena Lamadi na kupima, geji itamsomea 34.

Hapa ndipo penye mtego wenyewe. Tairi lenye upepo mdogo, likishapata moto, linasoma namba ileile iliyo kwenye kibandiko. Dereva ataona 34, atafurahi kwamba jana alifanya vizuri kutoa, na ataendelea kwa mwendo uleule. Geji haijamdanganya, ila ameisoma wakati usio wake.

Kinachopasua tairi njiani mara nyingi ni hiki: upepo mdogo, mzigo mkubwa, mwendo mkali, na muda mrefu bila kusimama. Joto linalegeza gundi inayoshikilia tabaka za mpira na nyuzi za ndani, tabaka zinaachana, na kashata inabanduka vipande vipande. Dereva anasema limepasuka kwa sababu ya upepo mwingi, kwa kuwa alisikia mlio mkubwa. Tairi lolote likipasuka litalia, hata lile lililokuwa pungufu.

Hatua ya 1: Ijue namba ya gari lako

Fungua mlango wa dereva, angalia kwenye nguzo ya bodi. Magari mengi yetu yametoka Japani yakiwa yametumika, na kibandiko kimeandikwa kwa kPa, mfano 230 au 240. Gawanya kwa 7 utapata psi kwa kukaribia: 230 ni 33, 240 ni kama 34 au 35. Angalia pia kama kuna namba tofauti ya tairi za mbele na za nyuma, na kama kuna nyingine ya gari lenye mzigo. Kwenye magari ya abiria na mizigo tofauti hiyo huwa kubwa, na anayejaza moja kwa zote anakosea upande mmoja.

Kama saizi ya tairi iliyo kwenye gari siyo iliyoandikwa kwenye kibandiko, namba ile haikufai moja kwa moja. Muulize muuza tairi anayejua kusoma jedwali la mzigo. Usichukue ile ya ubavuni ukadhani ndiyo ya kujaza. Ile ni kikomo cha tairi, haijui limefungwa kwenye gari gani.

Hatua ya 2: Pima tairi likiwa baridi

Baridi maana yake gari limesimama saa tatu au zaidi, au limetembea taratibu kwa kilomita moja na nusu tu hivi. Wakati mzuri ni asubuhi kabla jua halijapiga. Ukisubiri hadi saa nne, gari lililoegeshwa upande mmoja ukiwa juani litakupa namba mbili tofauti: tairi za upande wa jua zinaweza kuzidi kwa psi 2, ingawa hazijatembea hata hatua. Ukizisawazisha hapo, umeziharibu.

Nunua geji yako. Geji ya fundi inaangushwa, inakanyagwa, inashinda vumbini, na geji mbili za vibanda vilivyo mita 20 kutoka kimoja hadi kingine zinaweza kutofautiana psi 3. Geji yako hata ikiwa na kasoro ndogo, angalau kasoro yake ni ileile kila siku.

Toa kofia ya valvu, ikandamize geji ikiwa imenyooka mpaka mlio wa "sss" ukome, soma. Rudia mara moja. Namba zikipishana kwa zaidi ya 1, hukuibana vizuri. Andika namba ya kila tairi, na la akiba pia. Kwenye simu panatosha.

Hapa ndipo unaporuhusiwa kutoa upepo uliozidi, ukiacha hali moja tu iliyo kwenye Hatua ya 5.

Hatua ya 3: Kama kompresa iko mbali

Wengi wetu hatuna pampu nyumbani. Ukitoka Buhongwa kufuata upepo mjini, tairi zitafika zimeshapata moto. Dawa yake ni kupima nyumbani kabla hujawasha gari na kuhesabu pengo. Nyumbani umekuta 29, unataka 33, pengo ni 4. Ukifika kwenye kompresa pima upya kwanza. Kama inasoma 32, jaza hadi 36. Unaongeza pengo lilelile juu ya namba unayoikuta, bila kujali kwamba 36 imepita kibandiko. Kesho asubuhi utakuta 33, au karibu sana na hapo.

Pancha ya mchana nayo ina hesabu yake. Fundi akishaziba na kujaza 33 saa nane, hewa ikiwa nyuzi 32, alfajiri yenye nyuzi 20 utaikuta 31. Watu wengi hurudi kwa fundi wakilalamika kwamba kiraka kinavuja. Mwambie aweke 35 palepale, kisha wewe upime asubuhi. Ikiendelea kushuka siku ya pili na ya tatu, hapo kweli kuna tundu.

Hatua ya 4: Safarini, pima ili ujue tu

Kupima tairi la moto si kosa. Kosa ni kulirekebisha kwa kutoa. Ukisimama Magu au Bunda, pima zote nne ulinganishe na ulichoandika asubuhi.

Gari dogo likipanda kwa psi 3 hadi 6, mambo ni mazuri. Magari makubwa yanapanda zaidi kwa sababu yanaanzia juu: roli lenye psi 110 asubuhi linaweza kuongeza 15 na kidogo, na hakuna ubaya wowote. Ndiyo maana nawashauri wanaobadilisha magari wafikirie kwa asilimia. Kati ya 10 na 20 kwa mia ya namba ya asubuhi ni kawaida.

Kama inasoma chini ya namba ya kibandiko na tairi ni la moto, usisubiri kesho. Tairi hilo lina upungufu mkubwa kuliko linavyoonekana. Jaza hadi namba ya kibandiko ujumlishe 4, kwa mfano wetu 37, angalia kama kuna msumari, kisha upime tena asubuhi na kuweka sawa.

Hatua ya 5: Upepo ukipanda kupita kawaida

Asubuhi 33, sasa 42. Hapa kweli kuna tatizo, lakini tatizo hilo siyo upepo. Geji inakuonyesha kwamba tairi limepata joto la ziada, na ukitoa upepo unaongeza kile kinacholeta joto. Tafuta chanzo.

Kama tairi zote nne, au mbili za nyuma, zimepanda hivyo, fikiria mzigo na mwendo. Umebeba kuliko uwezo, au unakimbia sana, au asubuhi ulipima kwa geji mbovu na kumbe ulianza ukiwa chini. Punguza mwendo, teremsha mzigo ikiwezekana, ama simama kivulini dakika 30. Asubuhi inayofuata weka namba ya gari lenye mzigo.

Kama ni tairi moja peke yake, mara nyingi shida iko nyuma ya rimu. Breki imeng'ang'ania au beringi imeanza kuisha. Sogeza kiganja karibu na rimu bila kuigusa, linganisha na ya upande wa pili. Ukisikia joto kali upande mmoja, au harufu kama ya kitu kinachoungua, usiendelee na safari ndefu. Na usimwagie maji rimu ya moto, hata kama ziwa liko hatua kumi. Diski ya breki ikipozwa ghafla inaweza kupinda au kupata ufa.

Kuna hali moja tu ambayo ningekubali kutoa upepo wa moto. Mtu amejaza kwa kukisia na gari dogo linasoma 55. Hiyo haiwezi kuelezwa na joto. Shusha hadi namba ya kibandiko ujumlishe 4 au 5, usishuke chini ya hapo, na umalizie asubuhi.

Kuhusu naitrojeni na taa ya dashibodi

Utaambiwa kwamba ukiweka naitrojeni upepo haupandi. Unapanda, karibu sawasawa na wa kawaida, kwa sababu hewa tunayoijaza kila siku ni naitrojeni asilimia 78. Faida yake ni ukavu, maana unyevunyevu ndani ya tairi unaongeza kidogo kupanda huko. Kwa huku ziwani penye unyevu, fundi anayefungua koki ya chini ya tangi la kompresa kila asubuhi na kumwaga maji yake anakupa sehemu kubwa ya faida hiyo bure.

Kama gari lako lina taa ya upepo kwenye dashibodi, angalia tabia yake. Inayowaka asubuhi na kuzimika baada ya kilomita chache haijaharibika. Inakuambia kwamba tairi likiwa baridi liko chini ya kiwango, na joto la safari ndilo linaloficha.

Hatua ya 6: Kama umeshatoa

Ukikumbuka ungali njiani na tairi bado ni za moto, zirudishe kwenye namba ya kibandiko ujumlishe 4, kwa kibanda chochote kilicho mbele. Ukikumbuka usiku, usitoke asubuhi kabla hujapima na kujaza, hasa kama utabeba watu. Kama kompresa iko mbali, nenda taratibu hadi hapo, usipite kilomita 50 kwa saa.

Ikiwa gari limetembea wiki kadhaa katika hali hiyo, kagua tairi zenyewe. Pitisha kiganja juu ya kashata: zikiwa zimelika pembeni zote mbili na katikati bado zina kina, limekuwa likitembea na upepo mdogo. Tazama ubavu kama kuna mstari uliochubuka kuzunguka tairi au uvimbe. Uvimbe ni mwisho wa tairi, halirekebishiki. Siku fundi atakapolitoa kwenye rimu kwa ajili ya pancha, mwombe akuonyeshe ndani. Ukikuta unga mweusi wa mpira, au mkunjo uliozunguka ndani ya ubavu, limeshakatika kwa ndani hata kama nje linang'aa. Hilo usikubali lifungwe hata kama la akiba, na usimwachie mtu aliuze tena: lichane ubavu kwa kisu kabla hujaondoka.